Kumsomea mteja namba na kiasi kabla ya kutuma pesa

«Roboti yetu ya simu hupokea maombi ya kutuma pesa kwa sauti. Inamrudia mteja kiasi na namba, inauliza kama ni sahihi, mteja anajibu ndiyo, na bado pesa zinakwenda kusiko. Tunakosea wapi?»

Nashuku kwamba roboti inamrudia mteja maneno yaleyale aliyoyatamka, badala ya kumsomea kilichohifadhiwa. Mteja akisema «elfu ishirini na tano», anakusudia 25,000, lakini mfumo unaogeuza maneno kuwa tarakimu unaweza kuandika 20,005, kwa kuwa Kiswahili kinaruhusu maana zote mbili. Roboti ikiuliza «Elfu ishirini na tano, ni sahihi?», mteja atakubali bila wasiwasi, maana amesikia alichokisema mwenyewe. Kwa hiyo someni tarakimu zilizohifadhiwa, tena kwa umbo lisilo na utata: 25,000 isomwe «ishirini na tano elfu», na 20,005 isomwe «elfu ishirini, na shilingi tano». Akisikia hizo shilingi tano, mteja atashtuka mwenyewe.

Kwenye namba ya simu, kosa ninalokutana nalo zaidi ni la sita na tisa, ambazo zina irabu zilezile na hupotezana laini inapokwaruza. Kuhesabu tarakimu hakusaidii hapa, kwa sababu zinabaki kumi. Ihifadhini namba kama maandishi, kwani ikihifadhiwa kama idadi sifuri ya mwanzo hupotea na sauti huanza kusoma «milioni mia saba». Kisha isomwe tarakimu moja moja, kwa mafungu ya nne, tatu na tatu, na kituo kifupi baada ya kila fungu. Fungu la mwisho likiwa 969, mnaiandikia sauti hivi:

```
tisa, sita, tisa <break time="500ms"/>
```

Roboti iendelee kusikiliza wakati inasoma, ili mteja aweze kuikatiza palepale. Akisema «Hapana, sita tisa sita», badilisheni fungu hilo tu, kisha someni namba yote upya. Kumwanzisha mwanzo ni kukaribisha kosa jingine katika mafungu yaliyokuwa sawa.

Kiasi na namba viulizwe kimoja kimoja, kwa kuwa «ndiyo» moja kwa mambo mawili aghalabu hujibu lile lililosikika mwisho. Kimya kisihesabiwe kuwa kukubali. Ikishindikana mara mbili, mwombeni mteja abonyeze tarakimu kwenye simu yake, bila kumsumbua tena kwa maneno.

Mwisho, kabla ya namba ya siri, msomeeni jina lililosajiliwa la mpokeaji, kama huduma za pesa kwa simu zinavyolionyesha. Jina hufichua namba iliyokosewa hata pale masikio ya mteja yalipopitwa, ila halisemi lolote kuhusu kiasi, kwa hiyo usomaji wa kiasi hauwezi kurukwa.