Kufunga 3389 ni nusu ya kazi

Wadogo zangu wa zamu, wiki hii nimeona tena tiketi ile ile. Skani ya nje imekuta 3389, poti ya Remote Desktop, wazi kwenye seva ya mteja, kijana akaondoa kanuni kwenye ruta, akaandika "imefungwa, hakuna uvamizi", akaenda chakula. Nawapenda, lakini sentensi hiyo ya pili inanikosesha usingizi. Hebu tukae.

1. Kabla ya kugusa ruta, nakili logi na tazama nani yuko ndani. Ni kazi ya dakika mbili. Usizime wala kuwasha upya seva, maana kilichoko kwenye memori kitapotea.

```
quser
mkdir C:\ushahidi
wevtutil epl Security C:\ushahidi\sec.evtx
wevtutil epl System C:\ushahidi\sys.evtx
wevtutil epl Microsoft-Windows-TerminalServices-LocalSessionManager/Operational C:\ushahidi\lsm.evtx
```

Kisha hamisha hilo folda nje ya seva.

2. Funga, halafu hakikisha umefunga. Ondoa TCP na UDP zote mbili. Kuhamishia huduma kwenye 3390 si kufunga; wanaoskani hawaishii kwenye poti moja. Ruta nyingi huendelea kupitisha muunganisho uliokwishaanza hata baada ya kanuni kufutwa, kwa hiyo rudi kwenye `quser`, chukua namba ya kikao usichokitambua, ukikate kwa `logoff`. Pima kwa `nmap -Pn -p 3389` ukiwa kwenye intaneti ya simu. Ukipima ukiwa ndani ya ofisi ya mteja utakuta iko wazi na hutajua kama ni ya ndani au ya nje. Mhasibu anayefanya kazi nyumbani mpe VPN siku hiyo hiyo, la sivyo kesho mtu atamfungulia tena.

3. Logi. Hapa ndipo tulipoumia, na ndiyo sababu naandika.

Ilikuwa seva ya uhasibu ya mteja mmoja. Kijana wetu alifungua logi ya Security, akakuta 4625 zimejaa tele, yaani majaribio yaliyoshindwa, akatafuta 4624 za aina ya 10, yaani kuingia kulikofaulu kwa Remote Desktop, kutoka nje, hakuna. Akahitimisha kwamba wamebisha hodi wakakosa mlango. Tiketi ikafungwa na sisi wakubwa tukaipitisha. Hakuna aliyeuliza swali la kwanza kabisa: logi hii inaanzia lini?

```
Get-WinEvent -LogName Security -Oldest -MaxEvents 1
```

Ilianzia jana yake asubuhi. Kwa kawaida Security ina ukubwa wa MB 20, na ikijaa, matukio ya zamani hufutwa na mapya. Mafuriko ya 4625 yalikuwa yakisukuma nje kila kilichotangulia. Kijana alisoma siku moja, akaitolea hukumu miezi yote ambayo poti ilikuwa wazi.

Jibu lilikuwa kwenye logi ya LocalSessionManager. Hiyo haiandiki majaribio yaliyoshindwa, kwa hiyo mafuriko hayaifikii. Tukio 21 ni kikao kimefunguliwa, 25 ni kikao kimeunganishwa upya, na kila moja hubeba anwani ilikotoka. Tulipoifungua hatimaye, tulikuta 21 ya saa nane usiku, wiki tatu nyuma, kutoka anwani ya nchi nyingine, kwa akaunti `scanner`. Hiyo ilikuwa akaunti ya mashine ya fotokopi, ya kuhifadhi nakala kwenye folda. Mtu aliyechoshwa na ruhusa kugoma alikuwa ameiweka kwenye Administrators, na nenosiri lake lilikuwa jina lake.

Baada ya hapo tulifuata saa ile. Tukio 4720, la akaunti mpya, lilikwishafutika kwenye Security, lakini `net localgroup Administrators` ilionyesha akaunti ambayo hakuna mtu ofisini aliyeijua, na tarehe ya folda yake chini ya `C:\Users` ilikuwa usiku ule ule. Kwenye System kulikuwa na 7045, yaani sevisi mpya imewekwa, dakika kumi baada ya kuingia. Ilikuwa programu ya kudhibiti kompyuta kwa mbali, na yenyewe hupiga simu kwenda nje. Haihitaji 3389. Tangu tulipofunga poti hadi siku tuliyorudi, mgeni aliendelea kuwa na njia yake, na tiketi yetu ikisema hakuna uvamizi.

Seva ilijengwa upya, na nenosiri la kila aliyewahi kuingia humo, pamoja na la msimamizi wa domeni, likabadilishwa.

4. Ukiona 1102 kwenye Security, kuna mtu aliyeisafisha. Uliza nani kabla ya kuendelea.

5. Kwenye tiketi andika logi uliyosoma na tarehe inakoanzia: "LocalSessionManager tangu tarehe fulani, hakuna 21 wala 25 kutoka nje, Security inafika jana tu." Kama poti ilifunguliwa kabla ya tarehe hiyo, andika kwamba kipindi kilichotangulia hakijulikani, na umpigie mteja simu umwambie hivyo.