Krediti noti na debiti noti: bidhaa zimerudi mara moja, deni limepungua mara mbili

Swali: Nilinunua maboksi 40 kwa mkopo, bei ya orodha 1,000 kila boksi, kwa punguzo la biashara la asilimia 10. Matano yalikuwa mabovu nikayarudisha pamoja na debiti noti ya 5,000. Muuzaji akaniletea krediti noti ya 4,500. Nimeingiza zote mbili. Daftari langu linasema nadaiwa 26,500, taarifa yake inasema 31,500. Nani kakosea?

Jibu: Muuzaji yuko sahihi. Ankara yako ilikuwa ya 36,000, yaani 40,000 ukitoa punguzo. Kila boksi liliingia deni kwa 900, kwa hiyo likirudi linatoka na 900 ileile. Matano ni 4,500, na deni linabaki 31,500.

Tofauti yenu ni 5,000, sawasawa na debiti noti yako. Ukiona tofauti inayolingana na hati moja nzima, anza kuitilia shaka hati hiyo. Debiti noti ya mnunuzi ni dai: unamwambia muuzaji kwamba umerudisha mali na unataka deni lishuke. Krediti noti ni jibu lake la kukubali. Hati ni mbili, lakini mali imerudi mara moja, na vitabuni iingie mara moja tu. Binafsi napendelea kusubiri krediti noti, kwa sababu muuzaji anaweza kukataa sehemu ya dai. Wapo wanaoingiza debiti noti papo hapo, kisha krediti noti ikifika wanarekebisha tofauti tu. Njia zote mbili zinakubalika, mradi usizichanganye.

Usifute wala usichane kitu. Andika ingizo la kubatilisha debiti noti: debiti marejesho ya manunuzi 5,000, krediti akaunti ya muuzaji 5,000. Deni litapanda kutoka 26,500 hadi 31,500, na kwenye marejesho itabaki 4,500 ya krediti noti. Kwa muuzaji, krediti noti huingia kinyume na inavyoingia kwako: wewe unadebiti akaunti yake na kukrediti marejesho ya manunuzi, yeye hudebiti marejesho ya mauzo na kukrediti akaunti yako. Kama ankara ilikuwa na kodi ya ongezeko la thamani, kodi ya yale matano nayo ilipaswa kuonekana kwenye krediti noti. Ikague.

Angalia pia nani ametoa hati kabla ya kuiingiza. Debiti noti ikitoka kwa muuzaji, kwa mfano kwa kuwa alikuandikia bei pungufu, inaongeza deni lako. Ukiichukulia kama zile unazotoa wewe, utakosea mara mbili ya kiasi chake.

Na kama ungekuwa umeshalipa 36,000 yote kabla ya kurudisha? Krediti noti ingeacha salio la debiti la 4,500 kwenye akaunti ya muuzaji, yaani yeye ndiye angekuwa anadaiwa. Hapo ungeomba fedha yako au uikate kwenye ankara inayofuata, ukitaja namba ya krediti noti kwenye malipo.