Kastadi ya mayai kwa mvuke: kwa nini inatoka na matundu?

Swali: Mpishi, habari za kazi. Napika kastadi ya mayai kwa mvuke: mayai 3, maji kikombe kimoja, chumvi kidogo, sufuria nimeifunika barabara, moto mkali dakika 15. Kila mara inatoka na matundu kama sponji, juu imekunjamana na chini pamejaa maji. Nimepunguza maji, ndiyo kwanza inazidi kuwa ngumu. Nakosea wapi?

Jibu: Nzuri, karibu. Rudisha maji uliyoyapunguza, maana shida yako ni joto. Mayai 3 ya wastani bila maganda hukaribia gramu 150, na kikombe cha mililita 250 kinakupa maji mara 1.7 ya mayai. Hicho ni kipimo kizuri. Ukipenda ulaini zaidi, fika mililita 300, yaani mara 2.

Mayai yaliyochanganywa na maji kiasi hicho hushikana kwenye nyuzi 80 hivi za Selsiasi. Ute mtupu huanza kuganda mapema zaidi, karibu nyuzi 60, lakini maji huzitawanya protini, kwa hiyo zinahitaji joto zaidi ili zikutane. Zikishakutana, joto likiendelea kupanda, zinajikaza na kuyakamua maji zilizokuwa zimeyashika. Hayo ndiyo maji unayoyaona chini. Wakati huohuo viputo vya hewa na mvuke vilivyonaswa ndani hutanuka huku mayai yakigandia pembeni mwake, na hapo ndipo matundu yanapotokea. Sufuria iliyofungwa kabisa juu ya moto mkali ina mvuke wa karibu nyuzi 100, hivyo sehemu ya pembeni inaharibika kabla ya katikati kuiva.

Ndiyo maana mfuniko uachiwe upenyo. Weka kijiti cha mbao au mpini wa kijiko kati ya mfuniko na mdomo wa sufuria. Mvuke fulani utatoka, hewa itaingia, na joto la ndani litashuka chini ya nyuzi 100. Upenyo pekee hautoshi iwapo maji yanatokota kwa nguvu. Yachemshe kwanza, weka bakuli, kisha punguza moto mpaka viputo vidogo tu viwe vinapanda. Sikiliza pia: mfuniko ukigongagonga, moto bado ni mwingi. Unachotaka ni uzi mwembamba wa mvuke unaotoka kwenye upenyo bila kukatika.

Kabla ya hapo, shughulikia hewa iliyomo kwenye mchanganyiko. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa hadi uvuguvugu, kwa sababu kuchemka kumeshatoa hewa iliyoyeyuka ndani yake, na uvuguvugu unasaidia kastadi ianze kuiva kwa usawa. Yasiwe ya moto, yatagandisha mayai kabla ya wakati. Koroga kwa uma bila kupiga, uichanganye na chumvi nusu kijiko cha chai. Usiiache chumvi, kwani mbali na ladha inazisaidia protini kushikana. Maji matupu hutoa kastadi legelege. Chuja kwa chujio laini, na mapovu yanayobaki juu yaondoe kwa kijiko. Mimi sijawahi kuona sababu ya kuruka hatua ya kuchuja, kwa sababu nyuzi za ute zisizochanganyika huonekana wazi kwenye uso ulio laini.

Kule kukunjamana kwa juu mara nyingi kunasababishwa na matone yanayodondoka kutoka kwenye mfuniko. Funika bakuli lenyewe kwa sahani au karatasi ya foili.

Kwa bakuli pana, lenye mchanganyiko wa kina cha sentimita 3 au 4, anza kukagua dakika ya 10 tangu ulipoliweka. Vikombe vidogo hutangulia, bakuli nene na lenye kina huchelewa, kwa hiyo usiiamini saa peke yake. Litikise kidogo. Pembeni pawe pametulia na katikati patikisike kwa pamoja, bila kuchezacheza kama maji. Ukiwa na shaka, chomeka kijiti katikati: kimiminika kinachochuruzika kikiwa cheupe na angavu, imeiva, kikiwa na rangi ya njano iliyofifia, bado. Zima moto na iache ndani ya sufuria dakika 4 hivi, kwa sababu joto lililobaki linamalizia katikati.

Ikiwa baada ya hapo katikati bado ni majimaji, washa tena moto mdogo dakika 2 au 3, upenyo ukiwa palepale. Usipandishe moto ili kufidia muda, kwani kastadi iliyokwisha kutoboka matundu hairudi kuwa laini hata ukiipoza.