Ujumbe wa kumsomea bibi

"Mwanangu, Jumamosi bibi yako anatimiza miaka 80. Mwandikie maneno ya kumsomea, ila yawe Kiswahili chake cha kila siku, siyo kile cha kwenye kadi. Na umwambie kweli unavyoishi huko, maana kila siku ananiuliza na mimi sina jibu."

Shikamoo shangazi. Maneno ya kumsomea bibi yapo hapo chini. Nianze na wewe kwa sababu wewe ndiye msomaji, na namna ya kumsomea naijua kidogo kutokana na kazi.

Kazi yenyewe ni hii: niko kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku. Wasioweza kujigeuza nawageuza kila baada ya saa mbili hivi wasiote vidonda kwa kulalia upande mmoja. Nawabadilisha nepi, nawapeleka chooni. Shahada ninayo, lakini huku hakuna aliyeiulizia. Nusu ya mshahara inaishia kwenye kodi ya chumba, ndiyo maana ninachotuma ni kidogo.

Kazini tunafundishwa kusema na mzee hivi: jitaje kwanza, sema jambo moja kwa sentensi moja, kisha nyamaza umpe nafasi ya kujibu. Mara ya kwanza nilimwandikia bibi, "Licha ya umbali uliopo baina yetu, mapenzi yangu kwako hayajapungua hata chembe." Kwenye kadi inapendeza. Ikisomwa kwa sauti, hadi ufike kwenye chembe mwanzo umeshampotea. Nikaifuta, nikaweka: "Niko mbali. Nakukumbuka." Tatizo la maneno mafupi ni kwamba hayana pa kujifichia. Kwa barua ndefu ningeweza kusema mambo yanaendelea vizuri, na nyote mngeridhika.

Usimsomee kwa kelele. Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, na humo ndimo zilimo s, f na t. Ukipaza sauti atasikia mvumo mkubwa, lakini neno halitamfikia sawasawa. Zima redio, kaa mbele yake aione midomo yako, soma polepole. Kila mstari ukiisha, ngoja. Akijibu mwache amalize, hata akienda kwenye mambo mengine kabisa.

Haya ndiyo maneno:

Bibi, shikamoo.

Ni mimi, mjukuu wako wa kwanza.

Leo umetimiza miaka 80. Hongera sana bibi.

Mungu akupe afya.

Niko mbali. Nakukumbuka.

Mimi ni mzima. Nakula. Nalala. Nafanya kazi.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee. Nawaogesha. Nawalisha.

Yuko bibi mmoja halali mpaka nimshike mkono.

Kazi inachosha. Lakini ni ya halali.

Huku sasa ni baridi. Saa kumi jioni jua limeshazama.

Nina rafiki mmoja. Siku nyingine nakaa peke yangu, na upweke unanishika.

Utaniuliza narudi lini. Bado sijui. Nikijua nitakwambia.

Bibi, magoti yanaendeleaje?

Nataka kusikia sauti yako.

Basi. Usiniongezee "anakusalimu sana sana" wala mashairi. Mstari wa upweke najua utataka kuuruka, usiuruke. Bibi kalea watoto na wajukuu, kazika watu wake. Hataanguka kwa kusikia kwamba mimi nakaa peke yangu. Kinachomsumbua, kwa unavyoniambia, ni kutojua.

Pale pa kurudi ndipo uwe mwangalifu zaidi. Usiseme "hivi karibuni" ili umfurahishe, kwa sababu ataanza kuhesabu, na kila gari likisimama nje atauliza kama ni mimi. Ukweli ni kwamba maombi yangu ya kuongezewa kibali cha ukaazi hayajajibiwa. Nikitoka kabla ya jibu, naweza nisiruhusiwe kuingia tena, na kazi itakuwa imekwenda. Haya nimekuandikia wewe uyajue. Yeye akiuliza, mwambie nasubiri kibali, inatosha, na ni kweli.

Kitu kimoja zaidi: mkimaliza, mwombe anijibu, umrekodi kwenye simu unitumie. Usimwambie aseme nini. Akikaa kimya dakika nzima, rekodi hivyo hivyo.

Nitapiga mwenyewe saa nne asubuhi ya huko, nikishatoka zamu. Uwe umeshamsomea, ili tukianza kuongea tuanzie kwenye magoti.