Mkutano wa miji minne: anza na mji, kisha saa za kazi

"Tuko wanne, kila mtu mji wake. Mkutano wa video tuuweke saa ngapi ili wote tuwe kazini?"

Ndugu yangu, hapo hakuna wa kukujibu mpaka utaje miji yenyewe, na kila mmoja anaingia na kutoka kazini saa ngapi. Taja na mwezi, kwa sababu kuna miji inayosogeza saa.

Mimi nasimamia nyumba za wageni hapa Malindi. Mwenye nyumba yuko Milano, mtafuta wageni yuko Muscat, mhasibu yuko Toronto. Hesabu yetu naifanya kwa kugeuza saa za kila mtu ziwe za Malindi.

Tuchukue mwezi wa saba. Mimi niko kazini saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Wa Milano huingia saa tatu na kutoka saa kumi na mbili jioni. Kwetu huwa saa nne asubuhi hadi saa moja usiku. Wa Muscat ana saa kama zangu, lakini yuko mbele kwa saa moja, kwa hiyo kwetu anafunga saa kumi alasiri. Wa Toronto huingia saa tatu asubuhi kwao, na kwetu ni saa kumi hiyo hiyo. Huyu anafungua, yule anafunga. Hapo ndipo watu hubishana bure, kwa sababu saa inayowafaa wote haipo. Lazima mmoja ajitolee. Wetu wa Toronto alikubali kuanza saa mbili, tukapata saa tisa hadi saa kumi alasiri za Malindi.

Siku nazo ziulizwe. Muscat hupumzika Ijumaa na Jumamosi, sisi wengine Jumamosi na Jumapili, basi zinabaki Jumatatu hadi Alhamisi.

Kinachovuruga zaidi ni majira. Malindi na Muscat hazibadilishi saa. Milano hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Toronto Jumapili ya kwanza ya Novemba. Toronto ikishabadilisha, saa mbili yake ya asubuhi inakuwa saa kumi kwetu, na Muscat ndiyo inafunga. Dalili yake ni mtu mmoja kuingia saa nzima kabla au baada ya wenzake. Hadi Machi, mwezi mmoja wa Muscat hubaki kazini saa moja zaidi, mwezi unaofuata wa Toronto huanza saa moja asubuhi. Kumwekea mtu mmoja mzigo huo miezi yote si haki.

Mwaliko uandike kwa mtindo wa saa 24, pamoja na mji: "15:00, Malindi". Ukiandika "saa tisa" tu, wa Milano atasoma 9:00. Kwenye kalenda ya simu chagua `Africa/Nairobi`, nayo itamwonyesha kila mtu saa ya kwao.

Leta miji na saa zenu, tupige hesabu.