Wakili aliyetuandikia mkataba sasa anamtetea shemeji yangu

*Ndugu wakili, shikamoo. Mwaka 2021 mimi na shemeji yangu tulikwenda kwa wakili mmoja hapa Kigoma, akatuandikia mkataba wa ubia wa boti na injini ya kuvulia dagaa, tunashusha Kibirizi. Baadaye nilimrudia peke yangu kuhusu deni langu la benki. Sasa shemeji kanishtaki kuhusu mgao, na wakili wake ni yule yule. Inaruhusiwa? Na nikienda mahakamani kumpinga, nieleze yote ninayojua kuwa anayajua?*

Marahaba. Nianze na la mwisho kwa kuwa ndilo lenye hatari: usieleze. Ukiyaandika kwenye kiapo, shemeji atayasoma pamoja na hakimu, na utakuwa umeitoa wewe mwenyewe ile siri uliyotaka ilindwe.

Mliyomweleza wakili mkiwa wawili, kwa ajili ya mkataba ule, si siri kati yenu. Nani alitoa injini, nani alinunua nyavu, mlikubaliana mgao gani: hayo shemeji aliyasikia kama wewe, na huwezi kumzuia asiyatumie. Watu wa nje ndio wasiopaswa kuyapata kwa wakili. Deni la benki ni jambo jingine. Ulikwenda peke yako kwa shughuli yako, na Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inamzuia wakili kutoa maelezo aliyopewa na mteja katika kazi hiyo bila ridhaa ya wazi ya mteja. Zuio hilo halikomi siku ulipomlipa ada yake ya mwisho. Ulinzi wake una mpaka: haufuniki maelezo yaliyotolewa ili kutimiza jambo la haramu.

Sasa ona alipojibana. Wakili anadaiwa na mteja wake bidii yote. Akijua kuwa benki inakubana na ungekubali fidia ndogo ili umalizane haraka, afanyeje? Akimwambia shemeji, amekusaliti wewe. Akinyamaza, anamnyima shemeji kitu chenye faida kwake. Hakuna njia ya tatu, na huo ndio mgongano wa maslahi wenyewe, hata kama hajatamka neno. Kumpa kesi hiyo wakili mwenzake wa ofisi ile ile hakusaidii, maana majalada yanakaa kabati moja. Pia, mkibishana juu ya maana ya kifungu alichokiandika, huenda akahitajika kuwa shahidi, na hawezi kuwa shahidi na mtetezi katika kesi hiyo hiyo.

Cha kwanza, mwandikie barua ya ukurasa mmoja. Taja mkataba, tarehe, na kwamba ulimpa kazi nyingine binafsi inayohusu hali yako ya fedha, ishia hapo. Mwombe ajitoe, na ubaki na nakala iliyosainiwa kupokelewa. Wengi hujitoa hapo, kwa sababu maadili ya kazi yanamtaka afanye hivyo pasipo ridhaa ya wateja walioelezwa vizuri. Wewe huna wajibu wa kutoa ridhaa hiyo, hata wazee wa ukoo wakikusihi.

Akikataa, nenda mahakamani mapema, kabla mashahidi hawajaanza. Ukikaa kimya miezi, utaonekana unatumia hoja hii kuchelewesha kesi. Hapa watu wengi hukosea njia: huleta pingamizi la awali. Tangu kesi ya Mukisa Biscuit ya mwaka 1969, pingamizi la awali ni la hoja tupu ya sheria, nawe unahitaji kuthibitisha mambo yaliyotokea. Peleka maombi yenye kiapo. Ambatisha mkataba, ambao kwa kawaida unaonyesha jina la aliyeuandaa, na stakabadhi ya malipo ya ile kazi ya pili. Stakabadhi inathibitisha kwamba ulikuwa mteja wake bila kufichua mlichozungumza. Kiapo usiape mbele ya wakili anayekutetea sasa; sheria inamkataza kukiapisha katika shauri ambalo yeye ni wakili wa upande mmoja, na kiapo cha namna hiyo huweza kutupwa.

Hakimu atatazama kama kazi ya zamani inagusana na mgogoro wa sasa. Mkataba wa boti unagusa moja kwa moja. Kama angekuwa alikuandikia hati ya kiwanja Ujiji tu, ningekwambia hoja yako ni dhaifu.

Mlango mwingine ni malalamiko kwa Kamati ya Mawakili, iliyo chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Inaweza kumwonya, kumsimamisha, hata kufuta jina lake kwenye orodha ya mawakili. Lakini ukimlalamikia, naye anaruhusiwa kujitetea, na anaweza kutoa kile kinachohitajika kwa utetezi huo. Tena malalamiko hayasimamishi kesi yako ya dagaa, kwa hiyo maombi ya mahakamani yatangulie.