Uadilifu kati ya wake wawili

«Shehe, bwana yangu anataka kuoa wa pili kule Bagira, Bukavu. Aya ya 129 ya Sura An-Nisaa si imemkataza?»

Dada, anayesema kwamba imekataza amepatia nusu. Aya ya 3 ya Sura An-Nisaa inaruhusu hadi wanne, lakini anayehofia kutotenda uadilifu abaki na mmoja. Ile ya 129 inasema hatauweza kikamilifu, na wafasiri wengi wanaielewa kuwa ni mapenzi ya moyoni, kwa kuwa inaendelea kukataza kumwacha mke kama aliyetundikwa. Muhammad Abduh, mwanachuoni wa Misri, alikuwa mkali zaidi juu ya kuoa wake wengi. Basi akilala Bagira usiku mmoja, unaofuata ni wako Kadutu, hata ukiwa katika hedhi, na posho yako haipunguzwi. Sheria ya familia ya Kongo, nayo, haiitambui ndoa hiyo ya pili.